Safu ya Ushauri: Ni Utani Upi Ubebe Picha za Miaka Kumi?

Shangazi, shikamoo. Mwezi huu mimi na rafiki yangu tunatimiza miaka kumi tangu tujuane, nami nataka kuposti Instagram rundo la picha zetu. Nimezipunguza hadi 26, lakini maneno ya kuandika chini yake yamenishinda. Tuna mizaha mitatu ya siku zote. Wa kwanza, yeye hufumba macho kila akipigwa picha. Huu ndio unaochekesha kuliko yote na ninazo picha 11 za namna hiyo, ingawa mwaka jana aliniomba nifute moja. Wa pili ni "dakika tano", neno analolisema kila akichelewa. Wa tatu ni sweta langu la kijani nililomwazima wiki tuliyojuana. Alisema atanirudishia wiki ijayo, na hadi leo jibu lake ni hilo hilo. Sweta limo katika picha saba. Mwaka wa sita tuligombana, hatukusemezana kwa miezi minane na hatuna picha hata moja ya kipindi hicho. Siku tuliyopatana alikuja amelivaa, limetiwa kiraka kiwikoni. Mwezi uliopita niliporuhusiwa kutoka hospitali alinivika mimi, tukapigwa picha, na aliponifikisha nyumbani akanivua akaondoka nalo. Rasimu yangu ina mizaha yote mitatu, imefika mistari ishirini na haina ladha. Nichague upi, na niuandikeje?

Mwenye Sweta

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ugonjwa. Chagua sweta. Mizaha mingine miwili iache kabisa, hata kwa kuidokeza, na nitakueleza kwa nini kabla hatujafika kwenye maneno yenyewe, kwa sababu ukishaelewa kwa nini sweta linafaa, kepsheni itakuwa fupi na itakuja bila kusukumwa.

Najua macho yaliyofumba yanakuvuta, na kwa upande mmoja una haki, kwa kuwa ni utani unaoonekana wenyewe bila maelezo. Hata hivyo, tazama ni nani anayechekwa katika picha hizo 11. Ni yeye peke yake, na ni kwa uso wake, jambo ambalo hakulichagua wala hawezi kulirekebisha. Mizaha ya marafiki wa muda mrefu huwa na umri wake: kuna inayoendelea kuwachekesha wote wawili, na kuna ambayo mmoja ameshaichoka huku mwenzake hajagundua. Ombi lake la mwaka jana la kufutiwa picha moja ndilo lililokupa habari hiyo. Huenda alilisema huku akicheka, lakini mtu haombi kufutiwa picha inayomfurahisha. Mimi niliwahi kumwandikia shoga yangu maneno ya siku ya kuzaliwa kwa utani wa jinsi anavyocheka, utani ambao tulikuwa nao tangu usichana. Watu walifurahi sana, naye akanijibu kwa neno moja tu, na kwa wiki kadhaa nilipokuwa naye alikuwa akiziba mdomo kila akitaka kucheka. Sijasahau mkono ule mdomoni mwake. Picha za macho yaliyofumba zikiwekwa moja moja ndani ya simu yako ni kumbukumbu. Zikipangwa 11 mfululizo mbele ya watu wote mnaofahamiana, zinakuwa orodha ya kasoro ya mtu mmoja.

"Dakika tano" ina shida ya aina nyingine, na hii nitaipitia haraka. Ni utani wa sikio. Mnaufurahia kwa sababu mnaijua sauti anayoitoa akilisema neno hilo na mnakumbuka mlivyongoja, lakini kamera haikupiga kungoja. Ungelazimika kueleza kila picha kwamba hapa alichelewa saa nzima, pale alichelewa zaidi, na msomaji angekuwa anasoma badala ya kutazama. Utani wa kufunga rundo la picha sharti uwe ndani ya picha.

Sweta, kwa upande wake, linaonekana, na rangi yake inamwezesha mtu kulitambua hata kwenye kioo kidogo cha simu. Pili, limewagawia nafasi wote wawili: wewe ni mdai, yeye ni mdaiwa, na hakuna anayedhalilika, kwa kuwa mdai hajawahi kudai kwa dhati na mdaiwa hajawahi kukana deni. Jambo la tatu ndilo lililonifanya nisisite: utani wenu una mwendo. Macho yake yalifumba mwaka wa kwanza na yamefumba mwaka wa kumi, hakuna kilichobadilika. Sweta lilikuwa jipya, likafifia, likatobolewa na wakati, likashonwa kiraka, kisha kwa mchana mmoja likarudi mwilini mwa mwenyewe na kuondoka tena. Anayezitazama picha kwa mpangilio atayaona hayo yote yakitokea, na hilo ndilo linalozifanya picha za siku mbalimbali zisomeke kama kitu kimoja.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kuposti, mtafute mtu asiyemfahamu rafiki yako, umwambie sentensi moja tu, kwamba sweta hili la kijani nilimwazima rafiki yangu kwa wiki moja, kisha umpe simu azipitishe picha mwenyewe. Tazama kidole chake. Akifika picha ya tatu au ya nne akarudi nyuma kulitafuta sweta alilolipita, utani umeshika. Akikuuliza "kwa hiyo hapa kulitokea nini?" katika kila picha, haujashika, na hakuna maneno utakayoongeza yatakayousaidia.

Sasa utaona kwa nini rasimu yako haikuwa na ladha. Mzaha unaojirudia humpa mtazamaji kazi ya kufanya, yaani kutafuta kitu fulani katika kila picha, na furaha yake ni ile ya kukiona kabla hajaonyeshwa. Ukimpa vitu vitatu vya kutafuta, macho, saa na sweta, hatafuti hata kimoja. Atapitisha picha zote huku akisubiri umwambie ipi ni ya nini. Halafu nawe, kwa kuhisi kwamba hafuati, unaongeza maelezo, na ndivyo mistari mitano inavyokuwa ishirini.

Tuje kwenye picha. Instagram siku hizi inaruhusu hadi picha 20 katika chapisho moja. Tangu mwaka 2017 zilikuwa 10, zikaongezwa mwaka 2024. Kwa hiyo 26 haziingii, na ningekushauri usizijaze hata hizo 20. Chukua 14. Kati ya picha saba zenye sweta tumia sita, na ukikuta mbili zilizopigwa siku moja, acha moja kati ya hizo, kwa sababu kurudia siku hiyo hiyo hakuonyeshi kwamba muda umepita. Nane zilizobaki zisiwe na sweta hata kidogo. Hizo ndizo za kupumulia: picha za safari, za sherehe, za nyinyi wawili mmekaa tu bila kufanya chochote. Utani ukitokea katika kila picha unageuka kuwa sare, na mtazamaji anaacha kuutafuta kwa kuwa anajua atauona.

Picha ya kwanza iwe ile ya zamani kuliko zote ambamo nyuso zenu mbili na sweta vyote vinaonekana vizuri, hata kama kuna nyingine mliyotoka warembo zaidi. Maneno yako yatataja sweta, na mtu akisoma neno hilo lazima alione papo hapo, la sivyo hajui anatafuta nini. Marudio ya kwanza yaje upesi, katika picha ya tatu, ili jicho lake lijifunze mchezo. Baada ya hapo unaweza kumcheleweshea kidogo. Kwenye nafasi ya sita tia picha ambamo sweta limejificha, kama unayo ambayo limetundikwa nyuma ya kiti au limeviringishwa kwenye mkoba huku nyinyi mkitazama kwingine. Picha ya namna hiyo hupitwa na wengi mara ya kwanza, na watakaoiona watahisi wamegundua kitu wao wenyewe. Angalia tena zile picha ulizozitupa wakati unapunguza, kwa sababu yawezekana uliitupa ukidhani haina maana.

Picha ya nane na ya tisa nataka tuzikalie kidogo, kwa kuwa hapo ndipo mwaka wenu wa sita ulipo.

Usiandike habari za ugomvi katika kepsheni, na wala usijaribu kuuziba mwaka huo kwa picha ya mwaka mwingine ili ionekane hakuna pengo. Weka tu, katika nafasi ya nane, picha ya mwisho kabla hamjagombana ambamo kiwiko cha sweta ni kizima. Katika nafasi ya tisa, bila picha yoyote katikati, weka ile ya siku mliyopatana, yenye kiraka. Nilikwambia marudio yatenganishwe, lakini hapa yafuatane makusudi. Asiyewajua ataona kwamba sweta limezeeka na atatabasamu. Wanaowajua watanyamaza kidogo. Rafiki yako ataona kwamba unakumbuka kuwa katika miezi ile minane, wakati hamsemezani, mtu fulani alikaa na sindano na uzi akalishona sweta ambalo angeweza kulitupa au kukutumia kwa mtu. Hayo hayahitaji neno hata moja kutoka kwako, na ukiyatolea neno yatapungua.

Kwa kuwa mpangilio unategemea muda, hakikisha tarehe. Simu mara nyingi hupanga picha kwa tarehe iliyohifadhiwa ndani ya faili, lakini picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupoteza taarifa hiyo, na simu inayoipokea inaweza kuipa tarehe ya siku ilipofika. Picha ya mwaka wa tatu aliyokutumia mwaka wa nane itakaa katikati ya picha za mwaka wa nane kana kwamba ilipigwa wakati huo. Tafuta nakala halisi kwenye simu iliyoipiga, au muulize aliyepiga. Kwa bahati nzuri una shahidi mwingine ambaye hadanganyi, nacho ni kile kiraka: picha yoyote yenye kiwiko kizima ilipigwa kabla ya ugomvi, na yoyote yenye kiraka ilipigwa baadaye, hata kama simu inasema vingine. Kufifia kwa rangi usikutegemee sana, kwa maana mwanga wa ndani na wa nje hubadilisha kijani kuliko miaka inavyokibadilisha.

Angalia pia kingo. Picha nyingi za zamani zilipigwa kwa mlalo, na ukiziingiza katika chapisho lililopangwa kwa wima, pande za kulia na kushoto hukatwa. Kama katika picha ya sita sweta lipo ukingoni, litakatwa na utani utapotea bila wewe kujua. Kabla ya kuchapisha, pitisha picha moja moja uzihakiki, na uisogeze kwa kidole ile ambayo sweta limebanwa pembeni.

Baada ya hayo maneno yanakuwa mepesi. Instagram inakuruhusu herufi 2,200, lakini zinazoonekana kabla mtu hajagusa ili asome zaidi ni takriban 125 tu, kutegemea kioo cha simu yake, na wengi hawagusi. Kwa hiyo kila kinachohitajika ili kuzielewa picha kiishie hapo. Mimi ningeandika hivi:

"Miaka kumi iliyopita nilimwazima sweta langu la kijani, akasema atanirudishia wiki ijayo. Hii ni wiki ya 522. Nakushukuru kwa kila moja."

Nimeihesabu hiyo 522: miaka kumi ina siku 3,652 au 3,653, ukizigawa kwa saba unapata wiki 521 na siku kadhaa, kwa hiyo siku mnayotimiza miaka kumi mpo ndani ya wiki ya 522. Ihesabu upya kuanzia siku uliyompa sweta kama unaikumbuka, kwa sababu yeye atahesabu. Nimeiweka namba hiyo badala ya kurudia "miaka kumi" kwa kuwa ahadi yake ilikuwa ya wiki, na utani unachekesha zaidi ukipimwa kwa kipimo chake wenyewe. Namba kamili pia inaonyesha kwamba kuna mtu aliyekuwa akihesabu.

Sentensi mbili za kwanza zina herufi 109 pamoja na nafasi, kwa hiyo zitasomeka zote hata na asiyegusa, ilimradi uziandike katika mstari mmoja bila kurukia chini. Sentensi ya tatu huenda ikafichwa, na napenda iwe hivyo. Ile haiwahusu wapita njia. Angalia vilevile kwamba katika sentensi ya kwanza unawasimulia watu habari zake, na katika ya mwisho unageuka kuzungumza naye mwenyewe. Kugeuka huko kunatosha kuwa ndiko kukiri kwako kwamba unampenda. Ukiongeza "dada wa maisha yangu" na mengine ya aina hiyo, utakuwa umeacha lugha yenu na kuchukua ya kadi za dukani. Mambo marefu unayotamani kumwambia ni halali yake, lakini mwandikie kwenye ujumbe wake, si hapa.

Usiweke maelezo ya ziada ya kila picha, yaani ile "1. Hapa tulikuwa… 2. Hapa…". Usiandike pia "wanaojua wanajua". Maneno hayo huwafungia wengine mlango, ilhali uzuri wa sweta lako ni kwamba mgeni naye anaingia.

Iliyobaki ni picha ya kumi na nne, ile ya kutoka hospitali. Ndiyo ya mwisho bila ubishi, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika rundo zima sweta liko mwilini mwako. Mtazamaji aliyekuwa akilifuata atadhani deni limelipwa, kisha atakumbuka kwamba kepsheni inasema wiki ya 522 bado inahesabiwa, na atarudi kuisoma. Lakini itazame vizuri kabla hujaiweka. Kama kuna utepe wa hospitali mkononi mwako, au karatasi yenye jina lako na habari za matibabu, ikate picha juu ya mkono. Si kwamba ugonjwa ni aibu; ni kwamba watu watauliza unaumwa nini, na siku ya rafiki yako itageuka kuwa siku ya pole. Kepsheni isiitaje hospitali kabisa. Nyinyi wawili mnajua mlitoka wapi mchana ule.

Mwonyeshe rafiki yako picha hizo 14 siku moja kabla, ila maneno usimwonyeshe. Muulize swali la wazi, kwamba kuna yoyote ambayo hataki ionekane, na akitaja moja itoe bila kumwomba sababu. Akikataa ile ya nane au ya tisa, zitoe zote mbili, kwa kuwa moja bila mwenzake haisemi kitu, na mpangilio uende kutoka ya saba hadi ya kumi kama kawaida. Utani hautavunjika, kiraka kitaonekana katika ya mwisho. Na katika zile nane zisizo na sweta, ikiwa kuna ambayo amefumba macho, hiyo nayo usiiweke.

Ukishaposti na kumtagi, usikimbilie kuwajibu watu wa kwanza watakaouliza kama sweta litarudi lini. Swali hilo si lako. Anayepaswa kulijibu ana jibu lake tayari, amelitumia miaka kumi, na ni maneno mawili tu.